Mawese Mekundu ya Arusha

Kosa la kwanza nililifanya Kigoma. Basi lilisimama kidogo, na pembeni mwa barabara akina mama walikuwa wamepanga mawese kwenye chupa za maji na madumu, kama wanavyopanga kwetu Uvira, upande wa Kongo. Nilitaka kushuka. Kondakta akasema dumu la mafuta linalipiwa nauli kama mzigo, na likimwagika kwenye mabegi ya watu mimi ndiye nitakayelipa. Binti yangu naye alikuwa ameshaniambia kwa simu, "Mama, usijitese, Arusha kila kitu kipo." Nikabaki kwenye kiti changu.

Safari yenyewe siisimulii. Uvira hadi Bujumbura, Bujumbura hadi Kigoma, kisha Tabora, Singida, Babati, na usiku mmoja kwenye gesti ya shilingi 30,000 ambayo maji ya moto yalikuwa kwenye tangazo la mlangoni tu. Nilikuwa nakwenda kwa sababu moja: binti yangu aliolewa na kijana wa Machame, wanaishi Arusha, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Ilikuwa Julai 2023.

Nilimkuta mzima, mtoto mzima, nyumba imejaa mtori. Mama mkwe wake ameshuka kutoka Machame na mkungu wa ndizi na nyama, na kila asubuhi anapika sufuria kubwa, ndizi na nyama vimepondwa mpaka vinakuwa uji mzito. Ni chakula cha mzazi, nao Wachaga wanajua wanachofanya, kwani maziwa yalikuwa yanatoka vizuri. Lakini siku ya pili binti yangu alinivuta mkono pale kitandani, akaninong'oneza asije akasikika jikoni: "Mama, nataka sombe. Ya mawese. Na ndagala."

Nikachukua kikapu.

Kwanza nilipita supamaketi, kwa vile ilikuwa karibu. Niliposema sombe yule kijana wa rafu alinitazama tu. Hapa inaitwa kisamvu, kama ndagala wanavyoitwa dagaa. Mawese aliyajua. Akanipeleka kwenye safu ya mafuta ya kupikia, akanionyesha dumu lenye picha ya michikichi. Mafuta yenyewe meupe, yana unjano kidogo kama maji ya limau. Alikuwa hadanganyi, kwa maana mafuta mengi ya dukani yanatoka kwenye michikichi hiyohiyo. Ila kiwandani huyapitisha kwenye udongo maalumu unaonyonya wekundu, kisha huyapiga mvuke wa moto sana mpaka harufu yote iondoke. Kinachobaki kinafaa kukaangia maandazi. Kwa sombe hakifai, maana ile rangi na ile harufu walizoziondoa ndizo zinazoifanya sombe iwe sombe.

Kesho yake nikaenda soko la Kilombero. Baridi ya Arusha mwezi wa Julai hakuna aliyenionya. Mji uko juu kama mita 1,400, Uvira yetu iko ziwani, karibu nusu ya hapo. Nilijifunga vitenge viwili juu ya sweta la mkwe wangu na bado meno yaligongana. Hiyo baridi naitaja kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Wa kwanza kumkuta alikuwa mzee mmoja na meza ndogo. Dagaa wa Kigoma, migebuka mikavu, na chupa tano za kitu cha rangi ya chungwa iliyofifia, kizito, kimegandamana kama siagi, juu kuna tabaka jembamba lekundu. Nilizitazama nikasema moyoni, haya yameshazeeka. Nikapita. Mbele kidogo kijana mmoja alikuwa na chupa zinazong'aa. Mekundu mazuri, safi, ukiinua chupa unaona mwanga upande wa pili. Nikamuuliza bei, akasema 15,000 kwa chupa ya lita moja na nusu. Nilimlilia, akashuka hadi 13,000. Kwetu bei hiyo ingeleta ugomvi, lakini nilijiambia yametoka mbali. Nikalipa, nikanunua na kisamvu, nikarudi nyumbani na furaha.

Kisamvu nilikitengeneza jioni ile. Kuna kilichokwisha kutwangwa kwenye mifuko, lakini sikukigusa, maana hujui walitwanga majani gani. Nilinunua matawi, nikachuma majani laini ya juu, yale manne matano ya kwenye ncha, nikaazima kinu kwa jirani. Nikatwanga pamoja na kitunguu saumu na majani ya kitunguu mpaka vikawa kitu kimoja. Kisha maji mengi, sufuria wazi bila mfuniko, moto wa wastani, saa nzima na zaidi. Mama mkwe wa binti yangu aliponiletea mfuniko nilimzuia kwa adabu. Majani ya muhogo yana sumu; ukiyatwanga inaachiliwa, na moto unaitoa pamoja na mvuke. Ukifunika unairudisha chunguni. Alinisikiliza, akauweka mfuniko chini, akavuta kigoda tukakaa wote tukiangalia mvuke ukitoka.

Kwa vile muda ulikwenda, nikaona mawese nitie asubuhi. Chupa niliiacha juu ya kabati, kando ya chupa ya alizeti ya nyumbani.

Alfajiri niliingia jikoni. Dirisha lilikuwa limetoa jasho, sakafu inachoma nyayo kwa baridi. Nikashika chupa yangu, nikaiinamisha. Mafuta yakaenda upande mmoja, yakarudi upande wa pili, mepesi kama chai. Nikashika alizeti, nikaiinamisha. Vilevile.

Nilisimama pale na chupa mbili mikononi, moyo unanienda mbio. Kwetu Uvira, ambako ni joto, mawese ya mama yangu yalikuwa yanalala kwenye chupa na kuamka yamejigawa: juu mekundu majimaji, chini chembechembe za njano nzito. Tulikuwa tunaiweka chupa juani kwanza ndipo tumimine. Ndivyo yalivyo mawese yaliyokamuliwa tu, yana mafuta mazito na mepesi pamoja, na yale mazito huganda hata kwa ubaridi mdogo. Kama yanaganda Uvira, katika jikoni ya Arusha mwezi wa Julai yalipaswa yasimame kama siagi. Haya hayakupata hata ukungu.

Nilitia kijiko kimoja kwenye kikaango kuhakikisha. Mawese yakipata moto nyumba nzima inajua. Yana harufu kama ya karoti na moshi pamoja. Haya yalinuka mafuta ya moto tu. Kitunguu nilichokitupia kilitoka na rangi isiyo yake. Yalikuwa mafuta mengine yaliyotiwa rangi. Nikazima moto. Sombe sikuigusa nayo, namshukuru Mungu.

Niliporudi sokoni yule kijana hakukataa wala hakukubali. "Mama, mimi nayapima kutoka kwenye dumu la jumla, ninavyouziwa ndivyo ninavyouza." Fedha hakunirudishia. Huenda kweli hakujua. Lakini aliyeyachanganya anajua, na anajua pia kwamba mteja anayanunua kwa macho. Akina mama wangapi wamemtilia mzazi rangi ya nguo chunguni kwa kuamini wekundu? Hilo ndilo lililoniuma kuliko zile 13,000.

Nikarudi kwa yule mzee, wa chupa mbaya. Kabla sijasema lolote akaniuliza, "Ya kula au ya sabuni?"

Kwa swali lile moja nilijua nimefika. Mtu asiyejua mawese hawezi kuuliza hivyo. Nikamjibu kwa Kirundi cha sokoni, naye akanirudishia Kiha, maana ni mtu wa Kasulu na lugha hizo ni ndugu. Akanitolea chupa mbili zinazofanana kwa macho. Akanifunulia ya kwanza: harufu kali, ya uchachu, inakwaruza koo hata kabla hujaonja. Chikichi zake, alisema, zililala kwenye lundo siku nyingi kabla ya kuchemshwa, na chikichi zilizopondeka zikikaa mafuta huanza kuchacha ndani ya tunda lenyewe. Sabuni haijali. Ya pili aliishika kwenye viganja vyake kwa muda, tukiongea habari za ziwa, mpaka pembeni mwa kioo pakaanza kuteremka mstari mwekundu. Akanidondoshea tone mgongoni mwa mkono. Nikanusa. Nilikuwa Uvira, nyuma ya nyumba, na pipa la mama juu ya mafiga.

Lita moja shilingi 7,000. Sikuomba apunguze.

Nilimuuliza kama baridi inatosha kuyatambua. Akasema haitoshi. Mawese mabovu yanaganda sawa na mazuri, kwa hiyo pua lazima ifanye kazi yake. Tena wapo wanaochukua mawese halisi yaliyopauka kwa uzee wakayatia rangi. Hayo yanaganda vizuri tu, ila ule uzito wa chini unakuwa mwekundu mno, wakati ulipaswa kuwa wa njano. Na Desemba, jua likiwaka, chupa yake nayo itakuwa majimaji kama ya mwingine yeyote. Hapo, akasema, weka kwenye friji usiku mmoja. Akanichagulia na dagaa, akavunja kichwa cha mmoja nikitafune: hakikulia mchanga, maana walianikwa kwenye chanja, si ufukweni.

Tulikaa wanne mezani mchana ule. Chupa niliiweka kwenye bakuli la maji ya moto ikalegea, nikamimina vijiko vitano juu ya sombe, dagaa ndani, moto mdogo mpaka wekundu ukapanda juu na kutulia. Mama mkwe alikula na ugali polepole, akauliza mbona hatutii nazi wala karanga. Nikamwambia karanga wengine wanatia. Binti yangu hakuuliza kitu. Alikula sahani mbili, akamnyonyesha mtoto, akalala.

Wakati wa kurudi, Kigoma nilishuka. Nililipia dumu la lita tano, nikalifunga kwa mpira na mifuko mitatu, nikalipia na mzigo wa basi la kwenda Arusha bila kubishana na kondakta. Baada ya siku tatu, niko dukani kwangu Uvira, simu ikalia.

"Mama, dumu limefika, lakini limeganda lote, halimiminiki kabisa."

"Vizuri," nikamwambia. "Chemsha maji."