Mama wa Kihonda na mifuko kumi: nilivyotengeneza menyu ya oda kwa vitochi

Mjomba ana stoo ya jumla Morogoro, na wateja wake wengi ni wenye maduka madogo na magenge. Nusu yao wanatumia kitochi. Kijana mmoja anayejiita mtaalamu alinishauri niwatengenezee aplikesheni, "kila mtu ana simu janja siku hizi." Nilimwambia aje stoo asubuhi ahesabu vitochi. Hakuja.

Nikaamua kutumia USSD, zile menyu za kupiga nyota na reli. Namba ya nyota nilikodi ya kuchangia na wengine kupitia wakala wa mitandao, kwa sababu ya peke yako inataka mfuko mzito. Sisi ilitutoka laki na kitu, sikumbuki vizuri. Seva inapokea alichobonyeza mteja na kurudisha maandishi. Yakianza na `CON` menyu inaendelea, yakianza na `END` inafunga. Hadi hapo nilijiona fundi.

Wiki ya kwanza, mama mmoja wa Kihonda aliagiza sembe mifuko minne na sukari mmoja. Guta likampelekea mifuko kumi. Akapiga simu: "Mwanangu, mimi nina genge, sina ghala." Mjomba alinitazama jicho moja ambalo sitalisahau.

Kwenye logi nikaona oda mbili zinazofanana, namba ileile, zimepishana dakika mbili. Mama alibonyeza 1 kukubali, seva ikaandika oda, lakini muda wa sesheni ukaisha kabla skrini ya "Asante" haijamfikia. Yeye aliona simu imerudi kwenye saa yake tu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Alianza upya, kwa uaminifu kabisa.

Yule mtaalamu akaibuka tena: "Omba uongezewe muda." Muda si wako kuongeza, ni wa mtandao. Sesheni nzima mara nyingi haizidi dakika tatu, na ukiduwaa kwenye skrini moja unakatwa mapema zaidi. Na mwenye duka huduwaa: anainuka kuhesabu viroba, anauza kibiriti, anarudi.

Kwa hiyo nikaacha kupigana na saa, nikaipa seva kumbukumbu. Kapu la mteja sasa linatunzwa kwa namba yake ya simu, si kwa sesheni. Akikatika, akipiga tena anakuta "Una oda haijaisha. 1 Endelea 2 Anza upya". Hapa nilijikwaa siku nzima. Wakala wangu huleta majibu yote ya sesheni yakiwa yameungwa kwa nyota, mfano `1*4*2*1`, nami nilikuwa nahesabu nyota ili kujua mteja yuko hatua gani. Akirudi kwa sesheni mpya, nyota zinaanza sifuri, na menyu yangu ikawa inamuuliza mwenye mifuko minne kama anataka kujisajili. Sasa hatua aliyofikia iko kwenye hifadhidata, na ninasoma jibu la mwisho tu.

Oda nayo inapewa namba pale kapu linapofunguliwa. Kuthibitisha ni kubadilisha hali ya oda hiyohiyo kutoka "wazi" kwenda "imepokelewa", basi. Ukithibitisha mara tatu inabaki moja. Na akipiga tena ndani ya nusu saa, skrini ya kwanza inamwambia oda yake imepokelewa, mifuko mitano, abonyeze 1 kama anataka *nyingine*. Meseji nayo inamfuata, maana skrini ya USSD ikipotea haiachi ushahidi.

Halafu kuna ugonjwa wa 1. Menyu zote zinawazoesha watu 1, 1, 1, kidole kinakwenda chenyewe bila macho. Mwanzoni niliweka skrini mbili za "Una uhakika?" Walibonyeza 1 mara mbili badala ya mara moja, na sesheni zikakatika zaidi. Nikazifuta zote nikabakiza hii, ambayo naringia hadi leo:

```
CON Sembe 25kg x 4
Sukari 50kg x 1
Jumla 284,000/=
Andika idadi ya mifuko YOTE kukubali, 0 kufuta
```

Lazima asome ndipo aandike 5. Anayeagiza mfuko mmoja bado ataandika 1 kwa mazoea, lakini mfuko mmoja wa bahati mbaya haumuui mtu. Akikosea, skrini inarudi ileile. Ukitunga zako zisizidi herufi 160, la sivyo mstari wa mwisho, wenye maelekezo, ndio unaomezwa.

Kitu kimoja zaidi: usiifanye seva ikatafute stoku wakati mteja anasubiri. Ya kwangu ilikuwa inafungua jedwali la mjomba mtandaoni, na ikichelewa sekunde kadhaa tu mtandao unakata. Sasa inanakili stoku pembeni kila baada ya dakika tano.

Mama wa Kihonda alirudisha mifuko mitano, nauli ya guta nikalipa mimi. Juzi sesheni yake ilikatika tena baada ya kuandika 5. Alipiga upya, akasoma, akakata. Mifuko ikafika mitano.