Cherehani isiyo na jina

Shangazi alinitumia picha kutoka Arua: cherehani nyeusi, maandishi yamefutika, bobini imepotea. Picha ya mbele ilionyesha kirekebishi cha uzi kwenye bamba la kushoto, juu ya sindano. Nikamwomba picha nyingine, afungue kibati cha chini. Kikasha cha bobini kilisimama wima, kinachomolewa kutoka kushoto. Hapo nikajua ni mtindo wa Singer 15, ambao Butterfly JA2-1 pia unaufuata, hivyo jina halisi halikunisumbua tena.

Dukani niliomba bobini ya 15 na sindano HAx1, ukubwa 90/14 kwa pamba. Pakiti nyingine za sindano huandikwa 15x1 au 130/705 H, ni ileile. Jihadharini na bobini ya Singer 66: pande zake zimebinuka kidogo. Ya 15 ni bapa.