Nililaumu maharage, kumbe na kitunguu kimo

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na matumbo mawili, la asubuhi na la jioni. Nafundisha biolojia katika shule ya bweni mkoani Njombe, na chakula chetu cha mchana mara nyingi ni ugali kwa maharage, siku nyingine kabichi. Asubuhi sketi ilinikaa vizuri. Ikifika saa 11 jioni nilikuwa nimeshafungua kifungo, tumbo limekaza kama ngoma na linaunguruma hadi aliyekaa karibu anasikia. Siku moja mwalimu mwenzangu alinipongeza kwa ujauzito mbele ya ofisi nzima. Sikuwa mjamzito. Nilienda nyumbani nikalia.

Kwanza nilitibiwa amiba. Zahanati niliyokwenda haikunipima choo, ilinipa metronidazoli ya siku saba. Nilipata nafuu ya kweli, nikaamini ugonjwa umepatikana. Baada ya wiki tatu hivi tumbo likarudi vilevile. Nikarudia dozi, nikapata nafuu, likarudi tena. Leo naielewa ile nafuu kwa namna nyingine. Metronidazoli haiui amiba peke yake, inaua pia bakteria wengi wanaoishi pasipo oksijeni, na utumbo mpana umejaa bakteria wa aina hiyo. Nadhani nilikuwa nawapunguza watengenezaji wa gesi kwa muda, kisha wanazaliana upya. Nafuu ile haikuwa ushahidi wa amiba hata kidogo.

Mara ya tatu nilienda hospitali nyingine. Daktari akaagiza choo kipimwe, amiba haikuonekana. Kisha akaniuliza, "Tumbo linajaa mara tu ukimaliza kula, au baada ya saa kadhaa?" Nikamwambia nala saa 7, shida inaanza saa 10 au 11. Akasema, "Basi, Mwalimu, chakula kinakuwa kimeshafika chini. Anza kuandika unachokula."

Swali lile lilinirudisha kwenye somo ninalolifundisha mwenyewe. Maharage yana sukari za minyororo mifupi zinazoitwa rafinosi na stakiosi. Ili kuzikata, mwili ungehitaji kimeng'enya kiitwacho alfa-galaktosidesi, na utumbo mwembamba wa binadamu hauna. Si wangu tu, wa kila mtu. Sukari hizo hupita zikiwa nzima hadi utumbo mpana, ambako bakteria wanacho kimeng'enya hicho na wana njaa. Wanazichachua kama pombe inavyochachuka mtungini, na mchachuko hutoa gesi: haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani pia. Kitunguu nacho kina minyororo ya aina nyingine, fruktani, ambayo pia hatuna cha kuikatia. Kabichi ina kiasi chake cha sukari hizo pamoja na nyuzinyuzi, na zaidi ya hapo ina viambata vya salfa. Gesi nyingi za tumboni hazina harufu kabisa. Kinachonuka ni kiasi kidogo sana cha gesi zenye salfa, hasa haidrojeni salfaidi, ndiyo maana kabichi inaweza kutoa hewa chache lakini zenye kuaibisha.

Swali lililonisumbua zaidi ni hili: mbona mwalimu ninayeishi naye nyumba moja anakula sufuria ileile na hana shida? Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kundi la bakteria alilonalo kila mtu. Wapo wanaotoa haidrojeni kwa wingi, na wapo vijidudu wengine wanaoila haidrojeni hiyo. Wale wa methani huchukua molekuli nne za haidrojeni na moja ya kaboni dayoksaidi, wakatoa molekuli moja tu ya methani, kwa hiyo ujazo wa gesi unapungua sana, ingawa watu wenye methani nyingi mara nyingi hupata choo kigumu. Wapo pia bifidobakteria, wanaokula sukari za maharage na kutoa asidi bila gesi. Sehemu ya pili ni mishipa ya fahamu ya utumbo. Watu wawili wanaweza kuwa na gesi sawa, mmoja asihisi kitu na mwingine akaumia, kwa sababu utumbo wake unasikia kila mvutano.

Nilinunua daftari na futi ya fundi cherehani. Kila siku niliandika nilichokula na saa, nikapima kiuno usawa wa kitovu asubuhi kabla ya chai na tena saa 12 jioni. Wiki mbili za kwanza sikubadilisha chochote. Asubuhi nilikuwa kati ya sentimita 78 na 79, jioni 85, siku mbaya 87. Kipimo cha asubuhi kilinituliza, maana tumbo lilikuwa linashuka kila usiku. Daktari alikuwa ameniambia kwamba tumbo linalobaki limejaa hata asubuhi, au linaloambatana na kupungua uzito, damu kwenye choo, upungufu wa damu au kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, si la kuchezea na daftari. Kwa mwanamke aliyepita miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa karibuni na halipungui, uvimbe wa ovari unatakiwa kuchunguzwa mapema.

Siku kumi zilizofuata niliacha vyote vitatu: maharage, kabichi na kitunguu. Nilikula wali, ugali, viazi, mchicha, karoti, samaki na mayai, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, na chapati niliziacha kwa sababu ngano nayo ina fruktani. Kufikia siku ya tano jioni yangu ilikuwa sentimita 80. Hapo ndipo watu wengi huishia, wakaandika kwenye akili zao kwamba maharage ni sumu kwao. Lakini nilikuwa nimeondoa vitu vitatu kwa mpigo, kwa hiyo sikujua hata kimoja.

Nikarudisha kimojakimoja, siku tatu kila kimoja, na siku tatu za kupumzika katikati. Kabichi ya kupikwa, nusu kikombe: harufu ilikuwepo, tumbo halikujaa, sentimita 81. Kisha maharage, nusu kikombe, yaliyolowekwa na kupikwa kwa nyanya na chumvi bila kitunguu: tumbo liliunguruma, sentimita 82, naweza kuvumilia. Kisha kitunguu, nusu ya kitunguu kibichi kwenye kachumbari juu ya wali: sentimita 86, na usiku sikulala kwa msokoto. Nilirudia baada ya wiki moja kuhakikisha, ikawa hivyohivyo.

Nilikaa na daftari lile muda mrefu. Kabla ya jaribio lile, maisha yangu yote sikuwahi kula maharage ya nyumbani yasiyoungwa kwa kitunguu, na shuleni juu yake huwekwa kachumbari. Mzigo wa bakteria ulikuwa wa minyororo miwili kwa pamoja, na lawama zote niliutupia mmoja, wa maharage. Sisemi maharage hayana hatia. Yalikuwa na sehemu ndogo kuliko nilivyodhani, na hiyo sehemu ndogo inaweza kushughulikiwa.

Namna ninavyoyapika sasa ni hii. Usiku naloweka kikombe kimoja cha maharage kwa vikombe vinne vya maji, yakae kama saa 12. Njombe kuna baridi, yanakaa salama. Ukiwa Dar es Salaam badilisha maji katikati, yasije yakachachuka. Asubuhi namwaga maji yale, kwa sababu sukari zile huyeyuka kwenye maji na sehemu yake inatoka nayo. Naweka maji mapya, nachemsha kwa nguvu dakika 15, namwaga tena, ndipo nayapika hadi yaive. Kuchemsha kwa nguvu kuna faida nyingine isiyohusu gesi: maharage mekundu yasiyochemka sawasawa, walau dakika 10, yana lektini inayotapisha vibaya. Sukari hazitoki zote, na baadhi ya vitamini humwagika pia, kwa hiyo simwagi zaidi ya mara mbili.

Nilimweleza mpishi wetu wa shule. Akanijibu, "Mwalimu, nikimwaga maji yaliyokwisha kuchemka, kuni za kuchemsha mengine nitazitoa wapi?" Alikuwa na haki. Tukakubaliana aloweke usiku na kumwaga maji ya kulowekea peke yake, kazi isiyokula kuni. Kwa kuwa maharage yaliyolowekwa huiva mapema, mwishowe alisema kuni zinabaki.

Kwa kitunguu nilitumia tabia moja ya fruktani: zinayeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Nakaanga vipande vikubwa vya kitunguu kwenye mafuta matupu hadi vipate rangi, naviondoa vyote kwa kijiko, ndipo naweka nyanya. Ladha inabaki kwenye mafuta. Ukiweka nyanya kabla ya kukiondoa umeharibu, maana nyanya ni maji, na fruktani zitahamia kwenye mchuzi. Kwa kachumbari natumia majani mabichi ya kitunguu, sehemu ya kijani tu, ambayo ina fruktani kidogo sana ukilinganisha na kichwa chake cheupe.

Halafu nikaanza kuwazoesha bakteria. Vijiko viwili vya maharage kila siku kwa wiki nzima, wiki ya pili vinne, wiki ya tatu nusu kikombe, na kadhalika. Ukila maharage mara moja kwa wiki sahani iliyojaa, bakteria hupata karamu ya ghafla. Ukiwalisha kidogo kila siku, wale wanaozitumia vizuri sukari hizo, kina bifidobakteria, wanapata nafasi ya kuongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ambamo watu wazima walipewa nusu kikombe cha maharage au kunde kwa siku, ulionyesha kwamba hata wiki ya kwanza si wote waliolalamika gesi, na malalamiko yalipungua wiki zilivyoendelea. Kwangu wiki ya kwanza na ya pili zilikuwa na muungurumo. Wiki ya tano nilikula kikombe kizima, jioni nikapima sentimita 81. Hewa bado natoa, kama mtu yeyote mwenye afya, ambaye hufika hata mara 10 hadi 20 kwa siku.

Desemba nilisafiri kwa ndugu zangu Bagamoyo, nikala wali na samaki wiki tatu mfululizo bila maharage. Siku ya kwanza niliporudi shuleni nilijipakulia sahani nzima kwa kujiamini. Jioni, sentimita 85. Nilijua kilichotokea: niliowalea nilikuwa nimewaacha wiki tatu bila chakula chao. Kesho yake nikashuka hadi vijiko vinne, na safari hii ilinichukua siku kumi tu kurudi kwenye kikombe.