Benchi lilijaa kwa daktari, kikwazo kilikuwa maabara

Kituoni kwetu kila mtu aliamini madaktari hawatoshi. Benchi la mbele ya vyumba vyao viwili lilijaa tangu saa mbili asubuhi, na kila kikao cha watumishi kiliishia na ombi la daktari wa tatu. Nilipokabidhiwa usimamizi wa wagonjwa wa nje nilitaka kwanza kuliona hilo kwa namba. Nadharia ya vikwazo ya Eliyahu Goldratt inasema kasi ya kazi nzima huamuliwa na hatua moja iliyolemewa kuliko zote. Ukiongeza watu kwingineko, hakibadiliki kitu.

Tulibandika karatasi kwenye kila faili, tukaandika dakika ambazo mtumishi alikuwa kazini kweli na mgonjwa huyo, bila muda wa kusubiri. Saa za pilikapilika walifika wagonjwa 10 kwa saa, 7 wakaandikiwa vipimo. Daktari alitumia dakika 6 kwa mgonjwa mpya na 4 kwa aliyerudi na majibu: jumla 88, na madaktari wawili wana 120. Dirisha la dawa lilitumia 50 kati ya 60. Maabara ina mtaalamu mmoja, dakika 10 kwa kila mgonjwa: 70 ndani ya saa moja!

Benchi lilitudanganya kwa sababu waliosubiri majibu walikaa palepale na waliosubiri kuonwa. Ilipofika saa nne daktari alichungulia kuita mgonjwa, na nusu ya benchi ikajibu, "Bado majibu." Mchana majibu yalitoka kwa mkupuo, madaktari wakazidiwa.

Kabla ya kuomba mtu wala mashine, nilikwenda kukaa maabara.

"Dada, kupima kwenyewe si kazi," mtaalamu akaniambia. "Kazi ni kuita majina, kutoa damu na kujaza rejista."

Hizo zilikula dakika 4 katika zile 10. Muuguzi wa vipimo vya awali, aliyekuwa na nafasi, akachukua kazi ya kutoa damu. Mhudumu akachukua majina na rejista. Sharti moja halikuwa na mjadala: chupa iandikwe jina na namba mgonjwa akiwa bado kitini, maana kazi ikigawanywa ndipo sampuli hubadilishana. Maabara ikashuka hadi dakika 42.

Kigumu kilikuwa kwa madaktari. Walizoea kuwamaliza wapya wote kwanza, maabara ikapokea rundo kwa wakati mmoja. Sasa wanaona wapya wawili, kisha mmoja mwenye majibu, na mara nyingine wanakaa dakika chache bila mgonjwa. Mganga mfawidhi alipoliona hilo alikunja uso. Nilimwonyesha zile karatasi.

Kikwazo kimehamia kwenye dawa. Jumatatu wagonjwa hufika 13 kwa saa, dirisha linahitaji dakika 65. Ombi la daktari wa tatu bado liko kwenye faili, ila juu yake nimeweka la mtoa dawa wa pili.