Arusha hadi Dar kwa ndege: muda halisi kutoka mlango hadi mlango

Watu wengi wa Arusha huniambia ndege ya Dar ni "saa moja tu". Nikipanga safari, hesabu yangu huanza na ile saa moja yenyewe, maana inategemea umeitoa wapi.

Muda ulio kwenye tiketi, tuseme saa 4:00 hadi 5:15 asubuhi, unaanza ndege inapotoka kwenye maegesho yake na kuishia inaposimama kwenye maegesho ya Dar. Kwa hiyo muda wa ndege kutembea ardhini kwenda kuruka, na kutoka njia ya kutua hadi jengo la abiria, wote umo tayari. Ukijumlisha tena dakika 15 za ndege kutembea ardhini, umehesabu kitu kimoja mara mbili. Zinajumlishwa pale tu ulipochukua muda wa angani, kwa mfano kwenye Flightradar24, kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapogusa tena.

Kupanda ndege nako watu hukuongeza bila sababu. Abiria wanaitwa na mlango unafungwa kabla ya saa ya kuondoka, kwa hiyo kazi hiyo yote iko ndani ya muda ambao tayari uko uwanjani. Kinachoamua ufike saa ngapi ni saa ya kufungwa kwa kaunta. Isome kwenye tiketi yako, kisha urudi nyuma kutoka hapo.

Chukua mtu wa Sakina anayeruka KIA saa 4:00 na begi la kupakia, kaunta ikifungwa dakika 45 kabla, yaani saa 3:15. Mlangoni kuna mashine ya ukaguzi, mkanda na viatu huvuliwa, kisha kuna foleni ya kaunta. Nampa nusu saa, awe mlangoni saa 2:45. Barabara ni kama kilomita 50. Hadi Tengeru ni njia nne, lakini kuanzia Usa River unakwenda kwa mwendo wa lori lililo mbele yako, na vijijini ni kilomita 50 kwa saa. Siku nzuri ni saa moja na dakika chache. Mimi naandika saa moja na nusu, pamoja na geti la uwanja. Atoke nyumbani saa 1:15.

Hapo ndipo wengi huteleza: wanatumia wastani. Kabla ya kuruka, tumia muda wa siku mbaya, kwa sababu ukiwahi hupotezi kitu kikubwa, unakaa tu kusubiri, lakini ukichelewa ndege inakuacha. Baada ya kutua, muda wa kawaida unatosha, isipokuwa una miadi.

Dar ametua, ndege imesimama saa 5:15. Kushuka na kusubiri begi, dakika 25. Hadi Posta kwa Barabara ya Nyerere, dakika 45. Anafika saa 6:25. Jumla ni saa 5 na dakika 10, na angani alikaa kama saa moja.

Asiye na begi la kupakia, aliyejiandikisha safari mtandaoni, anaokoa muda wa foleni ya kaunta na dakika kama 15 za kusubiri mzigo. Ila ndege za propela kama ATR zina makabati madogo juu ya viti. Begi gumu la magurudumu likichukuliwa pale kwenye ngazi na kuwekwa chini, Dar utalisubiri kama wengine. Begi laini linaloingia chini ya kiti ndilo salama.

Kwa mtu huyu wa Sakina, ningeangalia pia uwanja mdogo wa Arusha ulioko Kisongo. Kufika ni dakika 20 na kujiandikisha saa moja kabla kunatosha kwa ndege ndogo kama Caravan. Caravan ni ya polepole, tuseme saa 1 na dakika 50 moja kwa moja hadi Dar, lakini mizigo hutoka haraka, dakika 10. Ukiongeza zile 45 za mjini unapata saa 4 na dakika 5. Ndege ya polepole imeshinda kwa saa nzima na zaidi! Ikipitia Zanzibar, sehemu kubwa ya faida hiyo inaliwa, na mzigo mara nyingi ni kilo 15 tu. Kwa mtu wa Moshi hesabu hii haisimami, kwani lazima avuke mji wote wa Arusha.

Kuhusu kuchelewa, ndege ya asubuhi KIA mara nyingi ndiyo ile ile inayotoka Dar. Itazame kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani. ATR inahitaji kama nusu saa kushusha na kupakia, kwa hiyo ikitua saa 3:50, usitegemee kuondoka kabla ya saa 4:20. Hata hivyo, toka nyumbani saa ile ile, maana kaunta inaweza kufungwa kwa saa ya tiketi.