Tundu la chaji linacheza: spika ilipona, hedifoni zikanishinda

Spika yangu ilianza mchezo ule ule wa siku zote: ukichomeka waya taa nyekundu inawaka, ukiachia mkono inazima. Kwa wiki mbili nikawa naichaji kwa kuegemeza waya kwenye kitabu ili ubaki umeinuka. Nilikuwa najiharibia mwenyewe, maana waya unaosukuma tundu upande mmoja usiku kucha humalizia kukivunja kile kilichokuwa kimelegea kidogo tu.

Siku nilipoamua kulishughulikia, nilianza kwa kubadilisha waya. Kwenye USB ndogo ya zamani, ile tunayoiita maikro, vijino vinavyong'ata viko kwenye kichwa cha waya, si kwenye tundu. Kwa hiyo waya uliochoka hukufanya uone tundu bovu wakati ni zima. Nikajaribu nyaya tatu, hali ile ile. Nikazima spika, nikachokoa tundu kwa kijiti cha meno, vumbi likatoka kidogo. Bado.

Hapo ndipo nikalitikisa, na nilikosea mara ya kwanza kwa kuikodolea macho taa. Taa inakwambia umeme unakatika. Haikwambii unakatikia wapi. Mulika tochi, shika kichwa cha waya kwa vidole viwili, kisukume taratibu juu na chini, kisha kushoto na kulia, milimita moja inatosha, huku ukitazama ukingo wa chuma wa tundu lenyewe. Ukingo ukitulia na kichwa peke yake kikacheza, shida ni waya, uchafu, au ulimi wa ndani uliochakaa. Ukingo ukienda pamoja na kichwa, lehemu imeachia. Wangu ulikuwa unazama chini kila nilipobonyeza.

Nikaifungua. Skrubu nne zilikuwa zimefichwa chini ya miguu ya mpira, na kitu cha kwanza nilichochomoa ni waya wa betri. Tundu hilo hushikwa na miguu minne ya ganda lake, halafu nyuma kuna pini tano nyembamba. Miguu ndiyo inayobeba nguvu zote za mkono wako. Pini kazi yake ni umeme tu. Miguu miwili ya mbele ilikuwa imezungukwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikagusa pini moja moja kwa ncha ya sindano: nne zilitulia, ya pembeni, inayoleta volti 5, ikatikisika. Ila kipande cha shaba kilicho chini yake kilikuwa bado kimeganda kwenye bodi, na hicho ndicho nilichokuwa naombea. Shaba ikibanduka, lehemu haina pa kushika, na itabidi uvute waya mwembamba kutoka kwenye pini hadi pale njia yake inapoishia.

Kulehemu kwenyewe kulichukua kama robo saa. Jaribio la kwanza liliharibika: nilitumia ncha kali ya pasi ya kulehemu, lehemu ikajikunja kama tone juu ya mguu bila kushika, kwa sababu ganda limeungwa na shaba pana ya bodi inayonyonya joto. Nikaweka ncha pana, nyuzi 350, nikapaka flaksi, dawa inayosaidia lehemu kushika, nikaongeza lehemu mpya, nikashikilia sekunde tatu nne hadi ikatiririka yenyewe kuuzunguka mguu. Pini niliimalizia mwisho, baada ya miguu kushika, kwa flaksi na kitone kidogo mno. Kabla ya kurudisha betri nikapima kwa mita ya umeme, nikiwa nimeiweka kwenye mlio, kati ya pini ile na ganda. Mita ikilia hapo, kuna lehemu imevuka mahali, usichomeke kitu. Yangu ilikaa kimya.

Ushindi huo ukanipa kiburi, nikazifungua na hedifoni zangu, ambazo tundu lake ni Taipu C. Bodi ni kama ukucha wa kidole gumba, pini zimeachana nusu milimita, nyingine ziko chini ya ganda ambako pasi haifiki. Ili kulitoa tundu zima unahitaji hewa ya moto, na betri ya lithiamu ilikuwa imegundishwa hapo hapo pembeni. Niliirudisha mifuniko bila kuwasha pasi, nikampelekea fundi mwenye hadubini. Akaangalia kama dakika mbili, akaniambia, "Kaka, shaba mbili zimetoka na njia zake. Naweza kuvuta waya, lakini sikuhakikishii mwezi."

Nikamwambia aache. Kwa bahati zina tundu la waya wa kawaida, na kwa waya zinalia hata betri ikiwa imekufa, ndivyo ninavyozitumia sasa.