Siku moja maishani mwangu: nawanoa watu wanaokwenda kuhutubia

Watu wakisikia kazi yangu, wengi hudhani nawaandikia wenzao hotuba au nawafundisha kupaza sauti. Muda wangu mwingi hupita nikiwa kwenye kiti cha nyuma, namsikiliza mtu akirudia maneno yale yale mpaka nijue yatamkatikia wapi.

Saa 2 asubuhi nilisikiliza rekodi za jana. Saa 3 hadi saa 6 nilikuwa na vijana wa mdahalo, kundi lililokwisha kuiva.

Saa 8 mchana akaingia mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo. Kesho yake anatoa taarifa ya mwaka mbele ya wanachama: kurasa tatu, kama dakika kumi, na alikuwa amezikariri zote neno kwa neno. "Mwalimu, sitaki karatasi mkononi. Wataniona sijui ninachosema."

Akaanza. Macho yalipanda juu ya kichwa changu kana kwamba anasoma ukutani, na kasi ilikuwa ile ile kwenye habari njema na mbaya. Hizo ni dalili za mtu anayetafuta neno linalofuata badala ya kusema na watu. Dakika ya nne nikamkatiza kwa makusudi: "Samahani mwenyekiti, hiyo mikopo iliyochelewa ni ya mwaka huu?" Alinijibu vizuri sana, kwa sauti yake mwenyewe. Lakini kurudi kwenye hotuba kukamshinda. Akaanza aya upya, akakwama palepale, akaomba radhi mara mbili, kisha akataka kuanza tangu salamu.

Hotuba iliyokaririwa ni kama shanga kwenye uzi: kila neno linashikwa na lililotangulia. Swali la mwanachama au kikohozi tu kinatosha kuukata. Na kusahau si aibu ya wachanga peke yao. Mwaka 2014, Ed Miliband, kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza, alihutubia mkutano mkuu wa chama chake bila karatasi, akaruka sehemu ya nakisi ya bajeti. Wapinzani walimsema kwa hilo kuliko kwa yote aliyoyakumbuka.

Tukaketi tukazikata kurasa zake kuwa kadi. Hapa ndipo mchana wote ulipoishia, maana kila neno nililofuta alilirudisha. Aya ya kwa nini gawio limeshuka ilikuwa na mistari kumi na minne. Tulipomaliza ilibaki kadi moja, herufi kubwa, upande mmoja tu:

MIKOPO – imechelewa
AKIBA – tumeongeza
GAWIO – 8% → 6%

Mpangilio huo ni wa sababu na matokeo, kwa hiyo mstari mmoja unamvuta mwenzake. Tarakimu niliziacha kamili, kwa sababu tarakimu na majina havibuniwi jukwaani. Sentensi ya kufungulia na ya kufungia nilimwachia azikariri: mwanzoni moyo unadunda, na mwishoni mtu asiyejua atakavyomaliza huzungukazunguka. Azimio la kupigiwa kura atalisoma kwenye karatasi waziwazi, kwani neno moja likibadilika maana yake nayo hubadilika. Kadi zote tukazipa namba, zikianguka zipangike upesi.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipofika kwenye kusahau kwenyewe. Jua lilikuwa limeshuka, miguu inaniuma, naye koo limemkauka. Nilimnyang'anya kadi katikati ya sentensi, tena na tena, tukazoea hatua zile zile: nyamaza, vuta pumzi, sema upya kwa maneno mengine wazo ulilotoka kulisema, tazama kadi, endelea. Asiombe radhi, kwa sababu wasikilizaji hawana nakala ya hotuba. Anayewajulisha kwamba kuna kitu kimepotea ni yeye. Kimya cha pumzi mbili kwake kilikuwa kirefu mno. Nilipomchezeshea rekodi, alishangaa kukiona kifupi, tena kinampa uzito.

Mzunguko wa mwisho aliruka akiba, akaenda moja kwa moja kwenye gawio. Nilimwona akigutuka. Akatulia, akamaliza sentensi yake, kisha akasema: "Kabla sijaendelea, kuna sababu ya pili ambayo kila mwanachama anapaswa kuijua." Akaieleza akiba kwa ufasaha kuliko ilivyoandikwa. Mtu ambaye hakuwa na sisi mchana kutwa angeapa ilipangwa hivyo. Kwa ajili ya dakika hiyo naipenda kazi hii.

Aliondoka usiku umeingia, kadi mfuko wa shati, kurasa tatu akaniachia mezani. Nilimwomba asizifungue tena usiku ule. Asimame tu mara moja aanzie kadi ya tatu, kisha ya tano, alale.